Mchezo Mrefu kwa Nani?

Ilipofika dakika ya 40, mtoto wa miaka 9 aliteleza kutoka kitini, akaingia chini ya meza na kuanza kupanga vizibo vya soda, vyekundu mstari wao na vya kijani mstari wao. Juu ya meza mchezo ulikuwa unaendelea. Zamu yake ilipofika aliitwa, akatoa kichwa, akarusha dadu, akasogeza jahazi lake bandari mbili, akarudi chini. Nusu saa baadaye niligawa fomu za maoni. Swali la kwanza lilikuwa na nyuso tano zilizochorwa, kuanzia ulionuna hadi uliocheka meno yote nje. Mtoto yule alitia alama kwenye ule uliocheka, akachora na nyota pembeni.

Fomu ile ninayo mpaka leo. Ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa najua kutengeneza mchezo kuliko ninavyojua kuuliza habari zake.

Mchezo wenyewe ni wa ubao na unachezwa na watu wanne. Ubao ni karatasi ya manila iliyochorwa mwambao kuanzia Lamu hadi Kilwa, na bandari saba: Lamu, Mombasa, Tanga, Pangani, Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Kila mchezaji ana jahazi lake, ambalo kwa sasa ni kizibo kilichobandikwa tanga la karatasi. Unapakia boriti, chumvi, karafuu au papa mkavu, unauza bandari nyingine, na wa kwanza kufikisha sarafu 30 anashinda. Kila mzunguko unaanza kwa kufunua kadi ya upepo. Ukivuma kaskazi, wanaoelekea kusini wanakwenda kwa wepesi na wanaopanda kaskazini wanalipa gharama. Ukivuma kusi, mambo yanageuka. Nilitaka mchezo ambao bibi na mjukuu wataukalia pamoja sebuleni, na hapo ndipo ugumu wa fomu ulipoanzia, kwa sababu bibi na mjukuu hawajibu swali kwa namna moja hata wanapotumia neno lilelile.

Fomu ya kwanza ilikuwa na maswali 14. Nikiisoma sasa naona kasoro zake bila kuhangaika. Niliuliza, “Je, mchezo ulikuwa mzuri na rahisi kuelewa?” Hayo ni maswali mawili ndani ya sentensi moja. Aliyeuona mzuri lakini mgumu hana pa kujibu, na akiandika “ndiyo” sijui amekubali kipi. Niliuliza pia, “Je, ulifurahia mchezo?” mbele ya watu waliokunywa chai yangu na kula maandazi yangu, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni. Katika nyumba za kwetu hakuna mgeni atakayeandika “hapana” hapo. Watu wanane walijibu, na wote wanane walitoa alama 4 au 5. Mzee mmoja aliandika kwa mwandiko safi wa shule za zamani, “Mzuri sana, hongera, endelea hivyohivyo.” Niendelee na nini hasa, hakusema, kwa sababu sikumuuliza.

Kuhusu nyuso zile zinazocheka, kosa halikuwa la mtoto. Janet Read na wenzake wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, ambao ndio waliotengeneza kipimo cha nyuso tano kwa ajili ya watoto, waligundua wenyewe kwamba watoto wadogo hukimbilia uso wa furaha kuliko zote karibu kila mara. Kwa hiyo kipimo hicho hakitenganishi kilichopendwa na kilichovumiliwa. Kundi hilohilo lilitengeneza kipimo kingine kilicho chepesi zaidi: mtoto anaulizwa tu kama angependa kufanya tena, na majibu ni ndiyo, labda au hapana. Hicho kinafaa zaidi, kwa sababu mtoto anayependa kukufurahisha kwa uso uliochorwa husita unapomwambia kwamba tunaweza kuanza upya sasa hivi.

Umri nao unaamua kama fomu ya kuandika inafaa au haifai kabisa. Watafiti wa Uholanzi Natacha Borgers, Edith de Leeuw na Joop Hox waliandika mwaka 2000 kuhusu watoto kama watu wa kuhojiwa, na mgawanyo wao nimeukuta ni wa kweli mezani kwangu. Chini ya miaka 7 au 8, zungumza na mtoto, usimpe karatasi. Kati ya miaka 8 na 11 anaweza kujibu maswali, lakini maneno yawe mepesi, na ayachukue kama yalivyo, maana atayachukua hivyo hata ukitaka asiyachukue. Swali lenye ukanushaji linamchanganya. Ukiandika “Je, hukuchoka?” naye akajibu “ndiyo”, huwezi kujua kama anamaanisha ndiyo nilichoka au ndiyo sikuchoka. Kiswahili chetu kina mtego huo hata kwa mtu mzima. Maneno kama “mara nyingi” au “kiasi” nayo hayana kipimo kwake. Muulize mara ngapi, au muulize ni wapi.

Basi nikaandika fomu ya pili, ukurasa mmoja.

Sehemu ya juu haijazwi na mchezaji. Inajazwa na mwangalizi, ambaye kwangu ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, mwenye subira na saa ya simu. Anaandika namba ya meza, kiti cha mchezaji kuanzia cha 1 hadi cha 4 kwa mpangilio wa zamu, nafasi aliyomaliza, muda wa kuanza na wa kumaliza. Majina hayaandikwi. Kila mtu ana namba yake na kundi la umri, na wazazi wa watoto wanaombwa ruhusa kabla. Pembeni kuna mistari miwili ambayo kwa meza ya rika mchanganyiko ina thamani kuliko nyingine zote. Mmoja ni wa kuweka kijiti kila mara mchezaji anaposhauriwa na mwenzake, na mwingine ni wa kuandika dakika ambayo mchezaji aliacha kuangalia ubao.

Ushauri nimeuweka kwa sababu mtoto akikaa na wakubwa, mara nyingi hachezi yeye. Anashika dadu, lakini sauti inayosema “mwanangu, peleka Pangani, huko karafuu zina bei” ni ya baba. Mwishoni mtoto anaandika kwamba mchezo ni rahisi, na anasema kweli, maana kwake ulikuwa rahisi. Bila vijiti vile ningehesabu jibu lake kuwa ushahidi kwamba kanuni zinaeleweka na mtoto wa miaka 8.

Halafu yanakuja maswali ya mchezaji. La kwanza ni: “Mwambie rafiki ambaye hajauona mchezo huu: unafanya nini ili ushinde?” Hapa siulizi kama ameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu kwamba ameelewa. Namwacha aeleze, nami naona alichoelewa. La pili: “Ni wakati gani ulitamani zamu yako ifike haraka?” La tatu: “Ni wakati gani ulianza kuwaza mambo mengine?” Maswali haya mawili yamekubali tangu mwanzo kwamba nyakati zote mbili zilikuwepo, kwa hiyo anayetaja alipochoka haonekani kunikosea adabu. La nne: “Ulijua lini nani atashinda?” Majibu ni manne ya kuchagua: mwanzoni, katikati, karibu na mwisho, au sikujua hadi mwisho. La tano: “Ni kadi au kanuni gani ilikubidi uiulize zaidi ya mara moja?” Baada yake kuna kipimo kimoja tu cha namba, cha kusomeka kwa maandishi ya kadi, 1 hadi 5. Kisha: “Tukianza tena sasa hivi utacheza?” Ndiyo, labda, hapana. Chini kabisa nimeacha mistari mitatu mitupu kwa lolote analotaka kuongeza.

Kwa wazee niliongeza swali moja ambalo lilifungua midomo kuliko yote: “Ukimpelekea jirani mchezo huu kama zawadi, utamtahadharisha nini?” Mzee ambaye hawezi kukosoa kazi ya mwenyeji wake ana wajibu wa kumtahadharisha jirani. Adabu ileile iliyokuwa inamfunga sasa inamruhusu. Fomu yao niliichapa kwa herufi kubwa, na asiyetaka kuandika aliandikiwa, kwa sharti kwamba mwandikaji ataandika maneno kama yalivyotamkwa. Ukimwachia kijana aandike kwa niaba ya bibi, “kadi zenu hizi ni za sisimizi” itakuwa “maandishi ni madogo kidogo”, nawe utapoteza uzito wa lalamiko.

Watoto chini ya miaka 12 hawakupewa karatasi. Kila mmoja alipewa vizibo viwili, cha kijani na chekundu, akaambiwa aweke cha kijani juu ya kitu alichokipenda kuliko vyote pale mezani, na chekundu juu ya kitu ambacho tungekitupa leo. Lazima aweke vyote viwili. Mpwa wangu ndiye aliyewaendesha, si mimi, kwa sababu mimi ni mjomba mwenye mchezo. Aliuliza “kwa nini hapo?” mara moja tu, akaandika jibu, akapiga picha ubao. Mtoto akishika kizibo chekundu huwa anatulia kwanza. Mkono unaelea juu ya ubao, unakwenda sokoni, unarudi, unakwenda tena. Kule kusita nako tulikuwa tunakuandika.

Jambo la mwisho la utaratibu ni kwamba fomu zinajazwa kabla ya mazungumzo, watu wakiwa wamekaa mbalimbali, nami nikiwa uani. Mara ya kwanza niliwaacha waongee kwanza. Mzee akasema kodi ya bandari ni nzuri, inafundisha. Fomu nne za meza ile zote ziliandika kwamba kodi ni nzuri, mbili kati yake zikitumia neno “inafundisha”.

Kwa fomu hii mpya tuliendesha meza nne, watu 16: watoto watano wa miaka 8 hadi 11, watatu wa miaka 12 hadi 15, watu wazima watano, na wazee watatu waliopita miaka 60. Meza tatu zilikuwa za mchanganyiko. Ya nne niliifanya ya watoto watupu, watatu wadogo na mmoja wa miaka 13, ili nione wanachofanya wasipokuwa na wa kuwashauri.

Jioni yake nilitandika karatasi kubwa sakafuni, nikaandika kila mtu mstari wake na kila swali safu yake. Kabla ya yote nikahesabu neno lililojirudia. Watu tisa kati ya 16, katika jibu hili au lile, walisema mchezo ni mrefu. Mtengenezaji mwenye haraka angeishia hapo, akashusha ushindi kutoka sarafu 30 hadi 20, akalala. Nami nilikaribia kufanya hivyo. Kilichonizuia ni mstari wa muda. Meza iliyochukua muda mrefu kuliko zote, dakika 74, ilikuwa ya watoto watupu, na katika meza ile hakuna hata mmoja aliyelalamikia urefu. Walikuwa wanafanya biashara mbovu, wananunua ghali na kuuza rahisi, kwa hiyo sarafu 30 zilichelewa kufika. Lakini zamu zao zilikuwa fupi na makelele hayakukoma.

Basi “mrefu” halikuwa neno la saa. Nikaanza kuwatenganisha wale tisa.

Wanne walikuwa watoto na vijana waliocheza meza za mchanganyiko. Wote wanne hao, na hakukuwa na mtoto mwingine katika meza zile. Vizibo vyekundu vya wadogo wawili vilikaa juu ya soko, na wakubwa wawili waliandika kwamba walianza kuwaza mengine “wakati wa kununua”. Daftari la mwangalizi lilieleza sababu. Mwanzoni mwa mchezo zamu ilichukua chini ya dakika moja, lakini bei zilipobadilika sokoni, mtu mzima aliweza kukaa dakika tatu akipiga hesabu. Wakubwa watatu wakikaa dakika tatu tatu, mtoto anangoja dakika tisa. Dakika ambazo watoto waliacha kuangalia ubao zote ziliangukia hapo. Nikamkumbuka yule aliyeingia chini ya meza.

Watatu walikuwa watu wazima, na nikiwapanga kwa umri sikupata kitu. Nikawapanga kwa nafasi waliyomaliza. Wote watatu walimaliza wa tatu au wa nne, na wote watatu waliandika kwamba walijua mshindi katikati. Kwao urefu ulikuwa ule wa kuendelea kusukuma jahazi wakati safari imekwisha.

Wawili walikuwa wazee, nao swali la tano ndilo lililosema. Kadi. Kila kadi waliyofunua ilibidi wamuulize mtu imeandikwa nini, na kila kuuliza kulikata mchezo.

Neno moja, maradhi matatu, na kupunguza sarafu kusingetibu hata moja.

Hapa niseme kuhusu wastani, maana ndio unaopoteza wengi. Kile kipimo cha kusomeka kwa kadi kilipata alama 5 kutoka kwa watu 13 na alama 1 kutoka kwa wazee watatu. Wastani wake ni 4.25 kati ya 5. Ukiiona namba hiyo peke yake utaona kadi ziko salama, kumbe wazee wote waliokaa mezani hawakuweza kuzisoma. Meza ya rika mchanganyiko hutoa namba za namna hii kila mara, zilizojikusanya pembe mbili na katikati hapana mtu. Kwa watu 16 sipigi wastani wala asilimia. Nahesabu watu, na namtazama kila mmoja alikuwa amekaa wapi.

Na hata kundi la umri lisikudanganye. Mzee wa tatu hakuulalamikia urefu, na kwenye swali la kutahadharisha jirani aliandika kwamba mchezo una kanuni chache mno. Kadi hakuzisoma, ila aliuliza kila aina mara moja akazikariri. Kwenye fomu, pale palipoulizwa michezo aliyoizoea, alikuwa ameandika “bao”. Mtu aliyezoea kupeleka kete 64 kichwani kwenye mashimo 32, bandari saba hazimshughulishi. Ningemweka fungu moja na wazee wengine kwa sababu ya mvi zake ningekosea. Tangu hapo swali la michezo uliyoizoea sikulitoa tena kwenye fomu, na wakati mwingine linanieleza zaidi kuliko umri.

Kuhusu “utacheza tena?”, washindi wanne wote waliandika ndiyo. Jibu hilo nililiweka kando. Aliyeshinda anausifu ushindi, na mchezo unapata sifa za jirani. Niliowasoma kwa makini ni wanne waliomaliza wa mwisho: wawili hapana, mmoja labda, mmoja ndiyo. Yule wa ndiyo alikuwa mtoto wa meza ya watoto watupu, aliyepata sarafu 6 tu. Kizibo chake cha kijani kilikuwa juu ya kadi ya upepo. Sababu aliyompa mpwa wangu ilikuwa: “Upepo ukigeuka kila mtu anapiga kelele.” Jibu moja kama hilo, kutoka kwa aliyeshindwa vibaya, lilinitosha kujua kwamba kadi ya upepo isiguswe, hata kama mengine yote yatabadilika.

Mistari mitatu mitupu ya mwisho ilileta mapendekezo. Ongezeni dadu ya pili. Wekeni maharamia. Futeni kodi ya bandari. La kodi liliandikwa kwa hasira na fundi seremala jirani yangu, na lilistahili kusikilizwa, lakini si kwa kulitii. Mtu akisema “futeni hiki” anakuonyesha mahali panapouma. Dawa anayoitaja ni ya kubahatisha, kwa kuwa yeye haoni mchezo mzima. Nikarudi kwenye daftari kutafuta alikuwa wapi. Kiti cha nne. Kanuni inasema ukiingia bandari ambayo tayari ina jahazi la mwenzako unamlipa sarafu moja. Bidhaa mpya na upepo mpya hufunuliwa kabla ya kiti cha kwanza. Kwa hiyo aliyekaa cha nne kila mzunguko anafika wa mwisho: bidhaa za bei nafuu zimekwisha, na bandari zimejaa. Nikaangalia meza zote nne. Kiti cha nne kilimaliza cha tatu au cha mwisho katika kila meza.

Meza nne ni chache, na jambo kama hilo linaweza kutokea kwa bahati tu. Lakini hapa nilikuwa na zaidi ya hesabu: niliweza kueleza hatua kwa hatua jinsi kiti kile kinavyoumizwa. Maelezo na hesabu vikikubaliana, najaribu. Sikufuta kodi. Niliongeza usukani, kipande cha mti ambacho kila mzunguko kinahamia kwa mchezaji anayefuata, na aliye nacho ndiye anayeanza. Pamoja nao nilichapa kadi upya kwa herufi kubwa na picha ya bidhaa, kwa kuwa ukubwa wa herufi haugusi kanuni na hauwezi kuchanganya matokeo. Soko sikuligusa bado. Ukibadilisha kanuni mbili kwa mpigo, na fomu zikaja na sura mpya, hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

Meza nne nyingine, wiki mbili baadaye. Kiti cha nne kilishinda mara moja, kikawa cha pili mara moja, cha tatu mara moja, cha mwisho mara moja. Wazee hawakuuliza kadi. Walioandika “katikati” kwenye swali la nne walipungua hadi mmoja. Watoto bado waliweka vizibo vyekundu sokoni, kama nilivyotarajia.

Ndipo nikalibadilisha soko. Badala ya kununua mmoja mmoja, kila mtu anachagua kadi ya bidhaa kwa siri, anailaza kifudifudi, na wote wanafunua kwa pamoja. Wakubwa wanapiga hesabu wakati uleule ambao watoto wanachagua, na hakuna wa kungojwa. Michezo ya mchanganyiko ilishuka kutoka dakika 70 hivi hadi 48. Safu ya “aliacha kuangalia ubao” ilibaki tupu kwa watoto wote isipokuwa mmoja, aliyekwenda kunywa maji. Kizibo chekundu sokoni hakikuwekwa hata kimoja.

Siku ile nilishangilia mapema. Kwa mara ya kwanza vizibo tuliwapa na wazee, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamevitamani, na mmoja wao ni bibi wa miaka 67 ambaye katika raundi zilizopita alikuwa ameandikisha kwamba zamu aliyoitamani ni ya sokoni. Alikishika kizibo cha kijani muda mrefu, akakizungusha vidoleni, akamrudishia mpwa wangu bila kukiweka. Kwenye mstari wa kumtahadharisha jirani aliandikiwa maneno yake kama yalivyo: “Soko gani hili watu hawasemezani?”

Nilirudi kwenye fomu zake mbili za nyuma. Zile dakika tatu zilizomtoa mtoto kitini ndizo alizokuwa akiziishi: kuulizia bei, kumtania fundi seremala kwamba chumvi yake imelowa, kukataa, kukubali. Wakati wa kungoja wa mmoja ulikuwa ndio mchezo wa mwingine, nami nilikuwa nimeukata wote.

Kwa hiyo sasa soko lina sehemu mbili. Bidhaa nyingi zinachaguliwa kwa siri kama tulivyozoea, lakini upepo ukigeuka bidhaa moja inapigwa mnada kwa sauti, kila mtu akiruhusiwa kutaja bei, watoto wakiwemo. Mpwa wangu atashika saa, na mnada ukipita dakika mbili ataandika. Kwenye fomu nimeongeza swali moja tu: “Wakati wa mnada wewe ulikuwa unafanya nini?” Tunajaribu Jumamosi. Bibi atakaa kiti cha pili, na kiti cha tatu, kinachofuata baada yake, nimemwekea yule mtoto wa miaka 9, ambaye mama yake ananiambia ameuliza mara mbili kama vizibo bado vipo.